Nuru kushoto, kichwa kulia: kipandauso cha fundi wa Kariakoo

*Shikamoo Daktari,*

*Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 31. Nakaa Mbagala, kibanda changu kiko Kariakoo. Huu mwaka wa tatu nasumbuliwa na kichwa ambacho sijui nikiite nini, maana kinaanzia machoni. Jumanne iliyopita nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, saa 3:10 asubuhi, nikashangaa tundu la sindano silioni. Pale pale katikati pana kidoa kinametameta. Kikakua, kikawa mstari wa meno ya msumeno unaochezacheza, ukasogea kushoto polepole mpaka ukatokomea. Nikaangalia simu: saa 3:35. Mara vidole vya mkono wa kushoto vikaanza ganzi, ikapanda mkono, kisha ikarukia mdomoni upande uleule, ulimi ukawa mzito. Saa 4 hivi ganzi ikaisha, kichwa kikaanza. Lakini kiliuma kulia, nyuma ya jicho. Nikatapika. Kufika saa 6 mchana hata kilemba sikiwezi, nywele zenyewe zinauma.*

*Nimepima malaria mara tatu, hakuna. Nimetengenezewa miwani, wapi. Zahanati moja walisema ni sinusi, nikamaliza dozi mbili za antibiotiki. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, maana ugonjwa gani unaanzia kushoto na kuishia kulia? Je, ni ugonjwa mmoja au miwili? Kuna kitu kinaota kichwani? Na mbona vidonge nikimeza havishiki? Natumia pia vidonge vya uzazi wa mpango, kama ni muhimu kujua.*

*Fundi, Mbagala*

Marahaba binti yangu.

Ni ugonjwa mmoja, na jina lake ni kipandauso. Chako ni kile chenye aura, yaani kinachotanguliwa na vituko vya macho na ganzi kabla ya maumivu. Wenye aina hiyo ni wachache, kama robo hadi theluthi ya wenye kipandauso wote, ndiyo maana hata majirani zako wanaoumwa kichwa hawakuelewi unapowasimulia msumeno unaometa.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kwa sababu umetazama saa. Wagonjwa wengi huniambia “ilikuja, ikaondoka”, basi. Wewe umeniletea dakika, na kwenye ugonjwa huu dakika ndizo zinazosema.

Tuanze na kidoa. Pale nyuma ya kichwa unapofunga fundo la kilemba, ndani yake ndipo ubongo unapopokea picha kutoka machoni. Macho ni madirisha tu, kuona kwenyewe kunafanyika kisogoni. Kazi hiyo inafanywa na gamba la ubongo, tabaka la juu lenye unene wa milimita chache, lililojikunja kama kitambaa kilichotiwa marinda. Saa 3:10 Jumanne ile, macho yako yalikuwa mazima kabisa, na ndiyo sababu miwani haikusaidia. Tatizo lilianzia kwenye marinda.

Seli za ubongo zinazungumza kwa umeme mdogo, na umeme huo unategemea chumvichumvi kukaa mahali pake: potasiamu iwe nyingi ndani ya seli, sodiamu iwe nyingi nje. Kundi dogo la seli likichokozwa kupita kiasi, potasiamu inamwagika nje, na pamoja nayo inatoka kemikali iitwayo glutamati, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuamsha seli ya jirani. Jirani akiamshwa kwa nguvu hivyo, naye anamwaga ya kwake, na wa pili yake vivyo hivyo. Aliyekwisha kumwaga hawezi kufanya lolote mpaka apige pampu kuirudisha chumvi yake ndani, na hiyo inamchukua dakika kadhaa. Kwa muda huo anakaa kimya kabisa.

Umewahi kuona moto wa nyasi kavu unavyotembea shambani? Ukingo wa mbele unawaka, nyuma yake majivu, na siku zikipita nyasi zinaota tena. Wimbi hili la seli kuamshana kisha kunyamaza ni hivyohivyo. Msumeno uliokuwa unaometa ni ule ukingo, seli zinazopiga kelele. Pale tundu la sindano lilipopotea ni majivu, seli zilizonyamaza. Na kwa kuwa seli hazikufa, zinarudi kazini moja baada ya nyingine, ndiyo maana mpaka saa 3:35 ulikuwa unaona vizuri kama kawaida.

Aliyeligundua wimbi hili ni Mbrazili, Aristides Leão, mwaka 1944, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuwa anatafuta habari za kichwa kuuma. Alikuwa anachunguza kifafa kwenye ubongo wa sungura, akitarajia kuona umeme ukilipuka, badala yake akaona umeme unazimika, na kule kuzimika kunatambaa polepole kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kwa polepole namaanisha kama milimita 3 kwa dakika.

Wewe milimita 3 unazijua kuliko mimi. Ni urefu wa mshono mmoja wa cherehani yako ukiiweka kwenye mshono wa kawaida. Kwa hiyo wimbi linakwenda mshono mmoja kwa dakika. Hebu tupige hesabu ya Jumanne: kutoka saa 3:10 hadi 3:35 ni dakika 25, mara milimita 3, unapata milimita 75. Vuta futi yako uangalie sentimita saba na nusu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, ambaye naye alikuwa na aura, aliichora yake ikiwa inatembea na kuipima kwa saa. Mwaka 1941 aliandika kwamba eneo la kuona kwenye ubongo lina urefu wa kama milimita 67, na kwamba chochote kinacholivuka kinakwenda kama milimita 3 kwa dakika. Alisema hayo miaka mitatu kabla ya sungura wa Leão, bila kujua kinachotembea ni nini. Mwaka 2001 watu waliowekwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku aura ikiendelea walionekana wimbi likitambaa kisogoni kwa mwendo huohuo. Hesabu yako ya kibandani, kwa simu na sindano, haiko mbali na ya mabingwa hao.

Pengine umeona pia kwamba mwanzoni kidoa kinakawia, halafu kikifika pembeni kinakwenda mbio. Wimbi halijaongeza mwendo. Ubongo umetenga nafasi kubwa sana kwa ajili ya katikati ya macho, pale unapotazamia tundu la sindano, na nafasi ndogo kwa pembeni. Mshono mmoja wa ubongo kwa kitu cha katikati ni sehemu ndogo ya picha, kwa cha pembeni ni kipande kikubwa.

Ganzi nayo ni wimbi hilihili, likiwa limefika kwenye sehemu nyingine ya gamba, ile inayohisi mguso. Humo ndani mwili umepangwa kwa ramani yake, na kwenye ramani hiyo mkono na uso ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Bega liko ng'ambo ya pili ya mkono, kama nyumba iliyojengwa upande mwingine wa barabara. Kwa hiyo ganzi kupanda kutoka vidoleni na kurukia mdomoni bila kupitia begani wala shingoni si maajabu. Imefuata mtaa wa ubongo. Ulimi wako ulikuwa mzito kwa sababu ulikuwa na ganzi, na kama umeona, maneno yenyewe ulikuwa unayajua.

Sasa hili la kushoto na kulia, ambalo naona ndilo limempa mama mkwe hoja. Ubongo wa kulia unaangalia upande wa kushoto wa dunia na kuhisi mkono wa kushoto. Tumezaliwa hivyo sote, nyaya zinapishana njiani. Nuru uliiona kushoto na ganzi ikawa kushoto, basi wimbi lilikuwa upande wa kulia wa ubongo. Na kichwa kikauma kulia, juu ya palepale wimbi lilipopita. Hakuna kilichohama. Nikuambie tu kwamba si kila siku inakuwa nadhifu namna hii. Wapo wanaoumia upande uleule wa nuru, au pande zote mbili, na bado ni kipandauso.

Lakini ngoja, maana hapa ndipo wengi wanapopotea: ubongo wenyewe hauumi. Madaktari wa upasuaji wanaweza kuugusa mgonjwa akiwa macho, anazungumza nao, na asihisi maumivu kwenye ubongo. Wimbi linapotembea hulisikii likiuma, unaona tu vituko vyake. Kinachouma ni bitana.

Ukishona koti la suti, kuna kitambaa cha juu na bitana ndani. Fuvu lako nalo lina bitana yake, utando mgumu uliotandazwa kati ya mfupa na ubongo, wenye mishipa ya damu iliyotambaa juu yake. Bitana hiyo ina hisia kali. Na mwenye kuihisi ni neva moja, ya tano kati ya jozi kumi na mbili zinazotoka kichwani, ambayo madaktari wanaiita trijeminali kwa sababu ina matawi matatu: moja la paji la uso na jicho, la pili la shavu na pua, la tatu la taya. Ukiwahi kung'olewa jino la chini kwa sindano ya ganzi, ni tawi la tatu hilo lililolazwa usingizi. Tawi la kwanza, la jicho na paji, ndilo hasa linalotuma vijinyuzi kwenye bitana ya fuvu.

Tawi moja linahudumia nje na ndani, na ubongo haujazoea kupokea habari kutoka ndani. Maisha yako yote ishara za neva hiyo zimekuwa ni mchanga jichoni au jua usoni. Siku bitana inapolia, ubongo unaandika anwani ileile ya zamani: nyuma ya jicho, kwenye paji. Likihusika na tawi la pili unahisi mashavu na pua, pua inaweza hata kuziba na jicho kutoa machozi. Hapo ndipo mtu anapoambiwa sinusi na kumaliza antibiotiki ambazo hazina kosa la kusahihisha. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Kwa kawaida sinusi ya kweli inayotaka dawa inakuja na makamasi mazito yenye rangi, na haikupangii siku yake kwa msumeno wa nuru.

Wimbi la kwenye kitambaa linaiamshaje neva ya kwenye bitana? Likishapita linaacha taka: potasiamu ile, na kemikali za uchochezi zinazotolewa na seli zilizochanganyikiwa. Taka hizi zinavuja kutoka kwenye gamba kuelekea kwenye utando. Zaidi ya hapo, ubongo unaelea kwenye maji, na utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba maji hayo yanaweza kuzibeba kemikali za wimbi hadi kwenye kifundo ambamo seli za neva ya trijeminali zinakaa. Safari hiyo inachukua muda. Katika panya, vijinyuzi vya bitana vilianza kupiga kelele wastani wa dakika 14 baada ya wimbi. Kwa binadamu maumivu kwa kawaida yanafuata ndani ya saa moja. Zile dakika zilizopita kati ya msumeno na kichwa ni taka zikiwa njiani.

Neva ikishaamka haikai kimya kama waya wa simu unaopeleka ujumbe upande mmoja tu. Inamwaga na yenyewe, kwenye ncha zake kule kwenye bitana, protini ndogo ambayo ukiitafuta utaiona imeandikwa CGRP. Inatanua mishipa ya damu na kuzidisha ukali wa vijinyuzi vyenyewe, ambavyo vinaanza kulalamikia vitu vya kawaida kabisa. Kikohozi, kuinama kuokota mkasi, kupanda ngazi: presha kidogo ndani ya kichwa ambayo jana hukuihisi, leo ni nyundo. Zamani tuliwafundisha wanafunzi kwamba kipandauso ni mishipa ya damu iliyotanuka, kwisha habari. Siku hizi tunajua kutanuka ni sehemu ya tukio, mwenye hatia ni neva. Jaribu siku moja ukiweza: weka kidole kwenye kifundo cha mkono uhesabu mapigo ya moyo, huku ukisikiliza kichwa kinavyodunda. Watu waliopimwa hivyo, midundo ya kichwa haikufuatana na ya moyo.

CGRP hii si hadithi. Mwaka 1990 watafiti Peter Goadsby na Lars Edvinsson walitangaza kwamba wameipima kwenye damu ya shingoni, wakaikuta imepanda kwa watu walio katikati ya shambulio. Mwaka 2021 wawili hao, pamoja na Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa Tuzo ya Ubongo kule Denmark kwa kazi hii ya neva na kipandauso.

Tumefika saa 6 mchana, pale kilemba kilipokushinda. Ujumbe wa trijeminali unaingia kwenye shina la ubongo, chini kabisa karibu na shingo, mahali ambapo nyuzi za shingo ya juu nazo zinaingilia. Ndiyo maana wengi wenye kipandauso wanasema shingo imekaza, na wanadhani wamelalia vibaya. Seli za pale shinani zikipigiwa kelele mfululizo kwa saa moja au mbili, zinakuwa kama mtu aliyeudhiwa tangu asubuhi: ukimsalimu tu anakuja juu. Sasa hata mguso wa chanuo au kitambaa unapokelewa kama maumivu. Ngozi ya kichwa ni nzima, nywele ni nzima, aliyeharibikiwa ni mpokeaji wa habari.

Na hapa ndipo lilipo jibu la vidonge kutoshika. Hukuniambia unameza saa ngapi, lakini wengi hungoja “kichwa kiwe kikali kweli” ndipo wameze, yaani saa 5 au 6. Kwa saa hiyo mambo mawili yameshatokea. Kwanza, kipandauso kinalegeza tumbo, chakula na dawa vinakaa palepale bila kuteremka kwenda kunakofyonzwa, kisha unavitapika. Pili, kelele imeshahamia shinani, na dawa inayotuliza ncha za neva kule kwenye bitana inafika moto ukiwa umeshavuka barabara. Hata dawa maalumu za kipandauso, jamii ya triptani kama sumatriptani, zinafanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kabla nywele hazijaanza kuuma.

Kwa hiyo wewe una bahati ambayo wenzako hawana, unapewa taarifa nusu saa kabla. Msumeno ukiisha na kichwa kikianza kugonga hodi, meza palepale: ibuprofeni miligramu 400 na kitu tumboni, au parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500. Si kimoja, watu wazima wengi wanameza kimoja halafu wanailaumu dawa. Ibuprofeni usiiguse kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au mimba. Kichefuchefu kikiwa ndicho kinachokushinda, mwombe daktari metoklopramidi, maana inalifanya tumbo lisogeze mzigo. Triptani nayo utaandikiwa na daktari baada ya kukupima presha na moyo, na inamezwa maumivu yanapoanza. Ukiimeza wakati wa msumeno haina uhakika wa kuzuia kichwa, na wimbi hailigusi.

Uhesabu pia siku. Ukimeza dawa hizi za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani na vile vidonge mchanganyiko vyenye kafeini siku 10 au zaidi, kwa miezi mitatu hivi, dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa. Ikiwa mashambulizi yako yamefika manne au matano kwa mwezi, badala ya kuongeza vidonge zungumza na daktari habari ya dawa za kinga zinazomezwa kila siku, kama propranololi, amitriptilini au topiramati. Zilianza zikiwa dawa za moyo, sonona na kifafa, lakini panya waliopewa dawa hizo kwa wiki kadhaa mawimbi yao yalikuwa magumu kuwashwa. Ndiyo maana pia zinataka uvumilivu. Wiki ya kwanza usitarajie kitu.

Kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango umeuliza kama ni muhimu. Ni muhimu kuliko yote uliyoyaandika. Nenda leo na pakiti yako kwa muuguzi, uulize kama vina estrojeni. Vile vya mchanganyiko vinayo, na mwanamke mwenye kipandauso chenye aura hapaswi kuvitumia, kwa sababu aura na estrojeni kwa pamoja vinaongeza uwezekano wa kiharusi. Uwezekano kwa mtu wa umri wako bado ni mdogo, sitaki ulale ukitetemeka, lakini hakuna sababu ya kuubeba wakati kuna kipandikizi, kitanzi, sindano, na vidonge vyenye homoni moja tu. Usiache ghafla kabla hujapata mbadala, utaniletea barua nyingine ya aina tofauti.

Kuhusu kitu kuota kichwani: tukio linalotambaa kwa dakika 25, likaanza kwa mng'ao, likahama kutoka machoni kwenda mkononi na mdomoni, likaisha lote, na limejirudia hivyo miaka mitatu huku katikati yake ukiwa mzima, ni mwenendo wa wimbi. Uvimbe hauna tabia hiyo. Hata hivyo nataka daktari akupime mara moja kwa mkono wake, aangalie macho kwa ndani, presha, nguvu za mikono na miguu. Picha ya ubongo ataamua yeye.

Tofauti unayotakiwa kuikariri ni ya aura na kiharusi. Kiharusi kinaangusha kila kitu kwa mpigo, mkono unalegea sasa hivi, uso unapinda sasa hivi, na hakuna nuru inayochezacheza. Ganzi yako siku ikija ghafla bila kutambaa, au mkono ukakosa nguvu badala ya ganzi, au maneno yakakataa kutoka, au dalili zikapita saa moja hazijaondoka, hiyo si ya kungojea daladala, tafuta usafiri wa haraka kwenda hospitali. Vilevile kichwa kinacholipuka kwa sekunde kikawa kikali kuliko chochote ulichowahi kukijua, au kichwa chenye homa na shingo isiyokunjika. Na malaria hukukosea kupima. Kwa mji wetu huu, kichwa chenye homa kipimwe kila mara. Kichwa kisicho na homa kinachotanguliwa na msumeno hakina haja ya kutobolewa kidole mara ya nne.

Nisiache bila kusema kwamba wengi wenye kipandauso hawaoni chochote kabla ya maumivu. Mabingwa bado wanabishana kama kwao kuna wimbi linalopita kimyakimya kwenye sehemu ya ubongo isiyo na la kusema, au neva inaamshwa kwa njia nyingine. Wapo pia wanaopata msumeno bila kichwa kufuata, hasa umri ukisogea. Wimbi na neva ni majirani waliozoeana, lakini kila mmoja anaweza kutoka bila mwenzake.

Mama mkwe usibishane naye. Mwonyeshe hiki nitakachokuomba ufanye. Shambulio lijalo, msumeno ukianza, weka kazi chini, chukua karatasi yako ya kukatia mitindo na kalamu. Weka nukta katikati, uitazame hiyo nukta bila kuhamisha macho, na uchore ukingo wa msumeno ulipo. Kila baada ya dakika tano chora tena, uandike saa pembeni ya kila mstari. Utapata mistari mitano hivi, kila mmoja umepanuka kuliko uliotangulia, kama mapindo ya sketi ya kloshi. Nenda nayo kliniki pamoja na pakiti ya vidonge.